Madaraja matatu ya rangi: tuyapange vipi wenye maduka wasichanganyikiwe?

Rangi_Malindi
Salaam wanajukwaa. Tuna kiwanda kidogo cha rangi ya ukuta hapa Malindi, na hadi leo tunauza aina moja tu. Sasa tunataka tatu: nzuri, nzuri zaidi na bora kabisa. Mchapishaji wa ndoo anangoja jibu wiki hii. Tutumie majina (Super, Super Plus na kadhalika), namba, au rangi ya kifuniko?

Mkemia_Mstaafu
Hujasema lolote, kijana. Ni rangi ya maji au ya mafuta? Bei je? Na aina hizo zinatofautiana ndani ya ndoo au kwenye karatasi ya nje tu?

Duka_Mambrui
Majina hapana, nakuomba. Kuna kiwanda kilituletea Super, Super Gold na Super Plus, ndoo zote nyeupe zenye nembo ileile. Sasa Gold na Plus, ipi kubwa? Kijana wangu dukani hakujua, wala dereva aliyeleta mzigo. Mteja akauziwa ya chini, akapaka ukuta wa nje unaotazama bahari. Masika ilipopita, ukiegemea ukuta ule shati linatoka jeupe kama umebeba unga. Akanirudishia ndoo tupu mbele ya wateja. Napiga simu kiwandani, naambiwa "soma ndoo". Kweli ipo, "ndani tu", herufi ndogo kama za chupa ya dawa, chini ya mkono wa ndoo. Tangu hapo naweka aina moja, na naipima kwa mkono: ndoo nzito ndiyo rangi, nyepesi ni maji.

Mkemia_Mstaafu
Pole kwa hasara, lakini hapo kwenye uzito umekosea. Chaki ni nzito kuliko gundi, kwa hiyo ndoo ya bei ya chini iliyojaa chaki mara nyingi ndiyo nzito zaidi. Paka kibao, kiache wiki moja kikauke barabara, kisha sugua kwa kitambaa kibichi. Gundi ikiwa haba, rangi inahamia kwenye kitambaa.

Binti_Watamu
Samahani, mimi nina gesti ya vyumba vinne na bafu zina ukungu. Ninunue ipi kati ya hizo tatu?

Rangi_Malindi
Dada, bado hazijatoka 😅
Mzee, ni rangi ya maji. Ya kwanza ina chaki nyingi, ya pili tumeongeza gundi na titani, ya tatu zaidi tena. Ndoo ya lita 20 ni 2,400, 3,600 na 5,200.

Mkemia_Mstaafu
Haya, tuseme lita moja inapaka mita za mraba 9 kwa koti moja, yaani ndoo ni mita 180. Ya 2,400 haizibi vizuri bila koti tatu, basi imemaliza mita 60: shilingi 40 kwa mita. Ya 3,600 ikiziba kwa koti mbili, imemaliza mita 90: shilingi 40 vilevile, na fundi amepunguza koti moja. Jambo hilo mwenye duka akilijua atauza ya kati bila kusukumwa. Ya tatu usiiuze kwa hesabu hiyo, iuze kwa kustahimili jua na kusuguliwa. Kwenye ndoo andika kwa herufi kubwa: DARI NA NDANI, NDANI YA KUOSHEKA, NJE.

Fundi_Lamu
Hiyo NJE msiilete Mji wa Kale bila onyo. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, unyevu na chumvi vinapanda kutoka chini. Ukiziba kwa rangi nzito yenye gundi nyingi, inavimba malengelenge na kubanduka na lipu yake. Hiyo "bora kabisa" kwetu ndiyo mbaya kabisa. Sisi chokaa tu.

Mkemia_Mstaafu
Kwa ukuta wa chokaa nakubali. Nyumba za bloku na simiti ni habari nyingine, na ndizo nyingi huku Malindi.

Duka_Mambrui
Na stoki mmeisahau. Aina tatu, rangi nane, vipimo vitatu: ndoo 72 tofauti! Rafu yangu haina nafasi hiyo. Ya chini leta nyeupe na krimu za lita 20 tu, ya kati rangi tano, rangi zote nane ziwe za juu. Kifuniko kila aina na rangi yake, kijana akione kutoka kaunta.

Rangi_Malindi
Vifuniko vya rangi ni gharama, lakini nitauliza. Ila mafundi wanaochukua komisheni dukani je? Hawatasukuma ileile inayowalipa?

Duka_Mambrui
Watasukuma. Komisheni ikiwa sawa kwa ndoo zote watasukuma ya koti tatu, maana siku za kazi ni nyingi.

Fundi_Lamu
Si mafundi wote, ndugu. Wengine tunalipwa kwa chumba.

Binti_Watamu
Na bafu zangu?

Fundi_Lamu
Fungua dirisha kwanza. Ukuta ni wa bloku au wa mawe?