Tupeane uzoefu: umeletewa skrinishoti ya imeili, ulijuaje kama mtumaji ni feki?

Kontena: Wakuu, leo jamaa kanirushia skrinishoti Watsap, "hii ni ya kweli?" Nikakumbuka ya ofisini. Mzigo uko bandarini, ikaja imeili ya wakala wetu wa forodha kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mhasibu akaipiga picha kwenye simu, akaitupa kwenye grupu. Juu pana jina tu. Nikamwambia agonge lile jina: anwani ikatokea sahihi herufi kwa herufi! Bosi akasema lipa. Roho yangu ikakataa. Nikafungua Gmail kwenye kompyuta, vidoti vitatu, Show original, heda za imeili zikatokea (majina nimeyabadilisha):

```
From: Hesabu <hesabu@mizigo.example>
Reply-To: hesabu@rnizigo.example
Authentication-Results:
 spf=pass smtp.mailfrom=seva77.example;
 dmarc=fail (p=NONE) header.from=mizigo.example
```

Tazameni Reply-To. Hiyo si m, ni r na n zimebanana. Ukijibu unaongea na mwizi, naye anakujibu kwa adabu zote. Tukampigia wakala kwa namba tuliyokuwa nayo siku zote: hajabadilisha chochote.

Bi Nuru: Hiyo ya r na n imemliza jirani yangu.

Kipanga: Mbona spf=pass? Ikipita ni halali, acheni kutisha watu.

FundiSeva: Kipanga, imepita kwa domeni ipi? seva77, ya mwizi mwenyewe! Seva yake ina ruhusa ya kutuma kwa jina lake, basi. Linganisha na From: havifanani, na saini ya DKIM ya mizigo haipo, ndiyo maana dmarc=fail. Hiyo p=NONE ni mwenye domeni kutoagiza barua kama hizo zizuiwe, ndipo ikaingia.

Kipanga: Mimi napata dmarc=fail za chama chetu kila wiki na ni za kweli.

FundiSeva: Zinapitia listi ya imeili ya wanachama? Listi ikiongeza maneno chini, saini inavunjika. Hapo nakubali, fail peke yake haitoshi kumhukumu mtu.

Mzee Tanga: Mimi walinitumia meseji, "ile hela tuma kwa namba hii". Na zenyewe zina hiyo heda?

Bi Nuru: Hapana babu, hiyo ni ya simu. Mpigie unayemjua.

Zawadi_K: Yetu ilikuwa mbaya zaidi. Kila kitu pass, anwani halisi, hakuna Reply-To. Mwizi alikuwa NDANI ya akaunti ya msambazaji wetu, anasoma mazungumzo, akasubiri siku ya ankara akaingiza akaunti yake. Hela ilikwenda. Heda ingekusaidia nini hapo?

FundiSeva: Hapo heda haisaidii, dada. Pole sana.

Kipanga: Kwa hiyo tupige simu kila ankara?

Kontena: Akaunti ikibadilika, ndiyo. Na skrinishoti msiiamini, mtu anahariri anwani kwenye kioo ndani ya dakika. Mwambie aipakue imeili yenyewe, faili la .eml, akutumie. Aki-forwadi kawaida, unaona heda zake yeye.

Zawadi_K: Benki yetu inasema pesa hairudi. Kuna aliyewahi kurudishiwa?