Mrejesho: shati moja, rangi nne, picha kibao

Nilichouliza: "Nina picha nyingi za mwanamitindo mmoja mwenye shati jeupe. Nitatoaje rangi nyingine bila kuhariri kila picha mara nne?"

Wakuu, kazi imekamilika, asanteni. Kilichonisaidia ni ule ushauri wa kuweka maski kwenye kundi la leya. Kwenye Photoshop nilitengeneza kundi moja, ndani yake nikaweka leya ya Solid Color kwa kila rangi, zote kwa Multiply, kisha nikarekodi hatua hizo kama Action. Batch ikaziweka kwenye picha zote. Maski yenyewe nilichora kwa mkono kila picha, maana pozi hubadilika na nywele huangukia kola. Lakini unaichora mara moja tu, inatumika kwa rangi zote.

Nyekundu na bluu zilikaa vizuri, mikunjo ikabaki. Nyeusi ndiyo iliyosumbua: ukiweka nyeusi tupu, vifungo na mishono vinapotea, shati linakuwa kama shimo. Nilitumia kijivu cheusi, juu yake Curves ya kunyanyua kidogo sehemu zenye mwanga.

Kutoa mafaili, nilihifadhi kila rangi kama Layer Comp, halafu File > Export > Layer Comps to Files.

Angalieni pia chini ya kidevu. Shati jekundu halisi hurusha wekundu kidogo kwenye ngozi. Hapa wekundu huo haupo, na kwenye picha za karibu kasoro hiyo inaonekana. Nilipaka wekundu hafifu kwa Soft Light. Bado rangi lazima zilinganishwe na kitambaa chenyewe, la sivyo wateja watarudisha mzigo.