Mjamzito, damu imeshuka: sukari guru inatosha niache vidonge?

Binti wa Kizota: Habari zenu wakuu. Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wamenipima damu wakakuta 9.6, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Nikimeza nachafukwa na choo kinakuwa kigumu, nimeviacha. Mama mkwe kaniletea sukari guru kutoka Babati, anasema nyeupe haina kitu ila hii ina chuma tele. Niweke kwenye chai vijiko vitatu asubuhi, viwili jioni. Dukani naona pia sukari ya kahawia. Ipi inatosha niachane na vidonge?

Muuza Duka Majengo: Mama mkwe yuko sahihi. Nyeupe imesafishwa mpaka madini yakaisha, guru ni maji ya muwa yaliyochemshwa yakaganda. Hata mwenye kisukari anaitumia bila shida.

Dada Lishe: Kaka, hapo kwenye kisukari utaumiza watu. Guru karibu yote ni sukari ileile, na inapandisha sukari mwilini vilevile.

Mdogo wangu, tupige hesabu. Vijiko vitano vya chai ni kama gramu 20. Tukiipa guru kiwango kizuri, miligramu 10 za chuma kwa gramu 100, unapata miligramu 2. Mjamzito anahitaji 27 kwa siku. Sukari ya kahawia ndiyo haifiki kokote: vijiko hivyohivyo havifikishi hata miligramu 0.2, maana ni sukari iliyobaki na molasi kidogo tu. Halafu unaweka kwenye chai, na majani ya chai yanazuia chuma kuingia mwilini. Kidonge kimoja cha kliniki kina takriban miligramu 60.

Mfugaji Kongwa: Molasi ndiyo dawa. Kiangazi nanyunyizia mabua, ng'ombe wanarudi mwili. Achukue dumu la lita tano.

Dada Lishe: Mkuu, anaulizia damu, siyo kunenepa. Na ya mifugo haikuandaliwa kwa ajili ya watu. Hata molasi ya chakula, kijiko kikubwa kina kama miligramu 1 tu ya chuma.

Mzee wa Mvumi: Mbona guru ya karai la chuma inasifiwa kwa damu?

Dada Lishe: Shikamoo mzee. Karai huongeza chuma kweli, ndiyo maana guru hazilingani. Ila kwa kutazama weusi wake huwezi kujua ina kiasi gani.

Binti wa Kizota: Sasa vidonge vikinikataa je?

Dada Lishe: Jaribu kumeza usiku baada ya kula, kwa maji au juisi ya ubuyu. Chai ikae mbali, ipite kama masaa mawili hivi kati yake na kidonge. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma hicho. Ukichafukwa bado, rudi kwa nesi usisubiri tarehe ya kliniki, wanaweza kukubadilishia aina.

Binti wa Kizota: Asante dada. Mama mkwe nitamwambiaje?

Muuza Duka Majengo: Itumie guru yake badala ya sukari, kiasi kilekile. Vidonge meza.