Ofisi imepitisha ripoti yetu kwenye mashine ya kutafsiri, sasa tunaitwa wezi wa unga

MamaPoshomili (Ahero)

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Kikundi chetu cha akina mama kina mashine ya kusaga mahindi tuliyopewa na mfadhili wa ng'ambo. Kila miezi sita tunapeleka ripoti kwa ofisi moja hapa Kisumu, na ofisi ndiyo inayoituma mbele. Wao wenyewe ndio walisema tuandike Kiswahili kizuri, wao watatafsiri. Kumbe kutafsiri kwao ni kubandika maneno kwenye mashine na kutuma kinachotoka, bila hata kutupigia simu.

Mimi niliandika hivi:

"Mwezi wa tano maji yalizidi unga, tukakodisha mashine, na fundi akatengeneza mota."

Barua ya mfadhili imerudi na maswali matatu. Kwa nini tunatia maji kwenye unga kuliko kipimo? Nani alituruhusu kupangisha watu mashine ya msaada? Na pesa za kuunda mota mpya zilitoka wapi, wakati haimo kwenye bajeti? Awamu ya pili ya pesa imezuiliwa. Nimeandika sentensi moja tu na mashitaka matatu yakatoka ndani yake! Mtu yeyote kuanzia Ahero hadi Busia angeisoma akaelewa. Ofisi inaniambia kosa ni langu, eti "hukuandaa maandishi". Kuandaa vipi? Nimefundisha watu wazima kusoma miaka 11, leo naambiwa sijui kuandika?

Kijana_wa_Kondele

Pole sana mama. Dawa ni sentensi fupi. Kata kata. Mashine hizi zikipewa sentensi ndefu zinachanganyikiwa.

MamaPoshomili (Ahero)

Hiyo yangu ina maneno 12, mwanangu. Ufupi zaidi ya huo ni upi?

Mfasiri_Milimani

Dada, ofisi imekukosea, na hilo nalisema kwanza. Mtu anayetuma tafsiri asiyoisoma hana haki ya kumlaumu mwandishi. Lakini niruhusu nikuonyeshe kilichotokea, maana ripoti ijayo utaiandika wewe, si wao.

Kijana amegusa nusu ya jambo. Urefu si tatizo hapa. Ukiikata sentensi hii vipande vitatu utapata uongo uleule, ila katika mistari mitatu. Tatizo ni kwamba kila kipande kina maana mbili, na mashine huchagua moja bila kukuuliza.

"Kukodisha" kwa kamusi ni kumpa mtu kitu chako akulipe, na "kukodi" ni wewe kuchukua cha mtu ukalipa. Sisi huku tunasema kukodisha kwa yote mawili. Mashine ikafuata kamusi. "Kutengeneza" ni kuunda kitu kipya, na pia ni kurekebisha kilichoharibika, ikachukua kuunda. Angalia na kuazima: ukiandika "tuliazima pesa", hakuna ajuaye kama ninyi ndio mlikopa au mlikopesha. Katika ripoti ya fedha, neno hilo usiliguse kabisa.

Sasa methali yako. Andiko ni la poshomili, neno unga limejaa kila ukurasa. Mashine ingejuaje kwamba unga huu mmoja si wa kusaga? Nikuulize: ulimaanisha nini hasa?

MamaPoshomili (Ahero)

Nilimaanisha mambo yalitushinda. Mota iliungua stima iliporudi kwa nguvu. Wateja walikuja na debe zao wakarudi nazo. Tukawa tunatumia kuliko tunachoingiza.

Mfasiri_Milimani

Basi hayo ndiyo ya kuandikwa. Methali ilibeba mambo matatu na haikutaja hata moja. Msomaji wa Ahero anayajaza mwenyewe kwa sababu alikuwepo.

SafariNaivashaRoad (Nakuru)

Hata mimi nimeumia hivyo! Nina gari la kupeleka wageni mbugani Lake Nakuru. Nilimwandikia mgeni "tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi", simu yake ikamsomea kumi na mbili ya kizungu. Nilikaa getini mwa hoteli tangu alfajiri, yeye akateremka karibu na adhuhuri akiwa amekasirika. Nikiandika saa 6 itakuwa sawa?

Mfasiri_Milimani

Hapana kaka, hapo utampoteza Mswahili atakayeisoma, kwake saa 6 ni mchana. Andika 06:00 kwa tarakimu nne, pamoja na tarehe kamili badala ya kesho kutwa. Ujumbe wa dereva wako uandike kando, kwa saa zetu.

Jaduong_Dunga

Hizi mashine hazifai kitu kwa lugha yoyote. Mnapoteza muda.

Mfasiri_Milimani

Mzee wangu, Kanada walikuwa na mfumo uitwao METEO uliotafsiri taarifa za hali ya hewa kutoka Kiingereza hadi Kifaransa tangu 1977. Ulifaulu kwa kuwa taarifa zile zina maneno machache na umbo lilelile kila siku: upepo, mvua, mawingu. Mashine za leo zinajaribu kila kitu, ndiyo maana zinakosea bila kuonyesha kwamba zimekosea.

Kijana_wa_Kondele

Lakini si mama angerudisha tu tafsiri kwa Kiswahili aone kama maana imebaki? Mimi hufanya hivyo.

Mfasiri_Milimani

Kipimo hicho kinasaidia, ila kwa methali kinadanganya. Maji yakizidi unga yakaenda Kiingereza neno kwa neno, yatarudi neno kwa neno, na utaona sentensi yako imerejea salama salimini. Ni lazima mtu asome ile ya katikati.

MamaPoshomili (Ahero)

Nimekaa nayo jioni nzima. Someni:

"Mnamo Mei 2024, mota ya mashine yetu ya kusaga iliungua. Kwa siku 12 hatukuweza kuitumia mashine yetu. Mwezi huo gharama za kikundi zilizidi mapato. Tulimlipa jirani shilingi 6,000 ili tutumie mashine yake. Fundi alirekebisha mota ya mashine tuliyopewa. Kikundi hakikununua mota mpya."

Mfasiri_Milimani

Sasa kila jambo lina mwenyewe. Nimependa "kikundi hakikununua", ile ki- inaonyesha wazi nani hakununua. Imebaki "mota ya mashine tuliyopewa". Tulichopewa ni mota au mashine? Zote ni za ngeli moja, tuliyo- inashika popote. Ungesema "mtambo tuliopewa", Kiswahili kingejua, lakini Kiingereza hakina ngeli, shaka ingezaliwa upya kulekule. Andika tu "alirekebisha mota iliyoungua".

Nyar_Kisumo

Na huyo jirani? Mashine inaweza kumfanya mwanamume. Ni mama mjane, namjua. Ripoti yote inasema "alisema, alilipa", na hiki ni kikundi cha akina mama. Mfadhili anaweza kudhani wanaume wameteka kikundi.

Mfasiri_Milimani

Rudia cheo badala ya kuacha a- peke yake: "mwenyekiti alisema, mwenyekiti alilipa". Inapunguza, haimalizi.

Nyar_Kisumo

Au aandike "mwenyekiti mwanamke" kila mahali.

MamaPoshomili (Ahero)

Kila mahali? Hapana, dada. Nitaandika mara moja pale juu, kwamba wanachama wote 23 ni wanawake. Kisha Jumatatu naenda ofisini na karatasi mbili, hii na ile ya kwanza, na binti yangu wa kidato cha tatu anisomee cha Kiingereza mbele yao kabla hakijatumwa.

Mfasiri_Milimani

Mwambie asome polepole, na kila anapokutana na "yeye" ya kiume aweke alama.