WANASEMA SIPO, NA MIMI NIPO NAWATAZAMA! Wenye gari za rangi ile hapa Moshi mmenichosha

Mama Nembo
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Siwataji. Wale wa kuleta vifurushi, wa gari za rangi ile, wenye maneno ya haraka haraka yaliyobandikwa mlangoni. Hakuna mtu Moshi asiyewajua.

Nimeagiza bodi ya mashine ya kudarizi kutoka Kariakoo. Mashine imekufa, masweta ya shule za watu yamelala mezani hayana nembo, wazazi wananiangalia kama nimekula ada. Jana nimekaa kibarazani, hata chooni nimekwenda mbio. Gari hiyo, inasimama ng'ambo ya barabara. Dereva anashuka, ananunua hindi la kuchoma kwa jirani yangu, anapaka ndimu na pilipili, anatafuna polepole kama mtu aliyeko likizo. Nikasema mwache ale, njaa haina adabu. Mara meseji: Consignee unavailable. Sipo! Anayesema sipo ana hindi mdomoni mbele ya macho yangu! Nimepunga kanga mpaka watu wakadhani kuna msiba. Gari hiyooo, imeondoka.

Sasa tazameni nilivyoamkia leo:

```
07:58  Out for delivery
11:42  Consignee unavailable
18:20  Held at depot
08:15  Address incomplete
```

Jana sipo, leo sina anwani. Kesho wataandika sijazaliwa.

Kijiwe cha Pasua
Hahahaaa dada, hindi lilikuwa bei gani?

Meku wa Rau
Hiyo Held at depot ni TRA, aisee. Mzigo umeshikwa ushuru. Omba control number ulipe, utaupata leo leo. Mimi yalinikuta na simu iliyotoka nje kupitia KIA.

Mama Nembo
Meku, umesoma Kariakoo au umesoma Guangzhou? Na mtu alikuwa anakula hindi, TRA wanaingiaje hapo?

Dereva Mstaafu
Dada pole. Niliwahi kuendesha gari kama hizo, si za hao, za wenzao. Meku yuko sahihi kwa mzigo wake wa nje, kwa huu wa kutoka Dar hapana. Held at depot yenyewe haisemi kitu, inasema tu kifurushi kiko kwenye rafu. Swali la kuwauliza ni moja: kinamsubiri nani? Kama kinakusubiri wewe, beba kitambulisho na namba ya mzigo ukachukue. Kama kinasubiri forodha, kumpigia dereva ni kupoteza vocha. Kama kinasubiri gari la kesho, basi hakuna la kufanya. Mstari wako wa saa 12:20 jioni ni gari limerudi na mizigo iliyobaki, ikaskaniwa kuingia. Usikupe presha.

Huo wa saa 5:42 ndio ulipaswa kukupandisha. Kwetu skana ilikuwa haikubali kufunga safari mpaka kila kifurushi kisichosainiwa kiwekewe sababu, na Consignee unavailable ndiyo sababu nyepesi, haidai picha wala maelezo. Dereva mvivu anasubiri jioni anabonyeza yote kwa mpigo. Ukiona imeandikwa saa 12 jioni, au juu yake hakuna kabisa Out for delivery, ujue hakuna aliyekuja. Yako imeandikwa mchana, na gari uliliona. Hapo unapiga depo muda uleule, kabla gari halijarudi, wampigie dereva ageuze. Gari likishaingia uani, umehamia kesho.

Mama Nembo
Ageuze wapi, alikuwa hapo hapo! Anatafuna!

Sukari Guru
Hizo saa msiziamini, ni saa za GMT. Ongeza 3.

Dereva Mstaafu
Sukari, kuna tovuti zinaonyesha saa za kwao, hilo kweli. Ila skana nyingi zinaandika saa ya mahali iliposkaniwa. Na hapa huna haja ya kubishana: meseji imeingia mtu akiwa na hindi mkononi mchana. Dada aangalie kwenye simu iliingia saa ngapi, kama ni saa 5:42 basi hakuna cha kuongeza.

Dada, cha leo ndicho kibaya kuliko vyote na wewe umekifanyia mzaha. Consignee unavailable kesho inajaribiwa tena. Address incomplete haijaribiwi, inasubiri mtu arekebishe. Ukikaa kibarazani utakaa mpaka muda wao wa kuhifadhi uishe, halafu bodi inarudi Kariakoo. Wapigie sasa uwaulize: kwenye karatasi mmeandikiwa nini, na jana mlipiga namba gani?

Mama Nembo
Nimepiga. Nimewekewa muziki nusu saa. Karatasi imeandikwa "Majengo, Moshi" basi. Namba ya simu ni ya muuzaji, kaiandika kwenye mtumaji, kaiandika na kwenye mpokeaji. Nimempigia anasema kweli jana alipigiwa na namba asiyoijua, alikuwa na wateja hakupokea.

Kijiwe cha Pasua
Kwa hiyo dereva hakuwa na habari kama ni kwako! Kaja Majengo, kapiga simu haipokelewi, kaona mahindi. Mama, ulimpungia kanga mteja wa jirani yako 😂😂

Mama Nembo
Na duka lina bango la NEMBO NA SARE! Na kifurushi kimeandikwa bodi ya mashine ya kudarizi! Angevuka tu barabara na hindi lake akauliza!

Dereva Mstaafu
Hapo sibishani, angeuliza. Lakini ujue huku kwetu namba ya simu ndiyo anwani, mtaa ni nyongeza. Sasa fanya hivi. Mwambie muuzaji ndiye awapigie kubadilisha, kwa sababu mwenye mkataba nao ni aliyelipa kutuma, wengi hawamsikilizi mpokeaji. Atume kwa maandishi: namba zako mbili, jina la mtaa na namba ya nyumba ile ya kibao cha anwani za makazi, na alama ya karibu inayojulikana. Wewe watumie loksheni kwa WhatsApp. Kisha omba kibadilishwe kiwe cha kuchukuliwa depo, uondokane na dereva kabisa. Na wasikukubalie kwa mdomo, subiri uone mstari mpya kwenye skrini. Mstari usipotokea, hakuna aliyerekebisha.

Bibi Harusi Soweto
Na wakisema muuzaji akitaka kubadilisha alipie tena? Mimi niliambiwa hivyo.

Dereva Mstaafu
Kila kampuni na yake. Wengine hulipisha.

Mama Nembo
Nilipe nini? Mtu amekula hindi!

Ndizi Express
Nyie mnalia na bodi, bodi haiozi. Mimi nilipakia mikungu kwenye basi kwenda Dar, kondakta kanipa kikaratasi kama cha choo cha stendi. Kufika Magufuli wanasema haikupakiwa. Nani atanionyesha status hapo?

Meku wa Rau
Basi gani hilo? Lile la saa 11 alfajiri? Walinifanyia hivyo hivyo na ndoo ya asali.

Ndizi Express
Lilelile, aisee! Na asali yako uliipata?

Meku wa Rau
Nilipata ndoo.

Sukari Guru
Ndizi gani kwanza, mshare?

Ndizi Express
Mshare, mikungu mikubwa kabisa.

Sukari Guru
Unapeleka mshare Dar kufanya nini, Mabibo pale zimejaa.

Ndizi Express
Za Mabibo unaita ndizi wewe?