Loni ya shamba Njoro ama ovadrafti ya hadwea Kisumu: ipi itakula benki zaidi?

KijanaWaEgerton: Wadau niaje, niko na asaimenti ya mikopo ya benki na nimekwama kidogo. Tumepewa wakopaji wawili tuamue ni yupi benki itarajie kupoteza pesa nyingi kwake ndani ya miezi 12.

Wa kwanza ni mkulima wa Njoro, anadaiwa 1,200,000, riba asilimia 14, ameweka taito ya shamba. Valua amesema shamba ni 1,500,000 bei ya soko na 1,125,000 likiuzwa kwa haraka. Gharama za wakili na dalali ni 90,000. PD yake, yaani uwezekano wa kushindwa kulipa ndani ya miezi 12, ni 8%.

Wa pili ana hadwea Kisumu, ovadrafti limiti ni 1,000,000 lakini ametumia 400,000 pekee. PD 5%, na LGD, yaani sehemu ya deni ambayo benki inapoteza mteja akishindwa, ni 65% kwa sababu sekyuriti ni stoki tu. Halafu kuna laini inasema "70% ya limiti iliyobaki", sijui hiyo ni ya nini, nilidhani ni makosa ya kuchapa.

Mimi nimefanya hivi, ECL ni hasara inayotarajiwa na EAD ni deni lililo hatarini:

```
ECL = PD x LGD x EAD
Njoro:  0.08 x 0    x 1,200,000 = 0
Kisumu: 0.05 x 0.65 x 400,000   = 13,000
```

Njoro nimeweka LGD sufuri kwa sababu shamba ni 1.5M na deni ni 1.2M, benki ikiuza inajilipa yote na chenji inabaki. Kwa hivyo jibu ni hadwea. Ni sawa ama?

DukaKondele: Hiyo ya pili inanihusu kabisa bana. Mimi niko na ovadrafti na nilichelewa wiki mbili tu mwaka jana mambo yalikuwa magumu, sasa swali langu, jina langu lishapelekwa CRB ama bado? Na nikilipa linatoka baada ya muda gani?

NyarKisumo: @DukaKondele ndugu hii ni hesabu ya shule haihusu CRB, fungua thredi yako watu wakusaidie 😂

DukaKondele: Sawa dada, lakini niseme tu kitu kimoja, hakuna mtu wa duka anaanguka akiwa ametumia 400 kwa limiti ya milioni. Mimi ule mwezi nilikuwa nimebanwa nilivuta mpaka ile shilingi ya mwisho ndio nikaanza kuchelewa. Wenye nawadai walinilipa mwezi wa pili.

AfisaMikopoMstaafu: Kijana, huyo wa duka amekujibu bila kujua. Ile 70% si makosa ya kuchapa. Nimekaa kwa dawati la mikopo miaka mingi, Nakuru na baadaye Kisumu, na ovadrafti ziliharibika zikiwa zimejaa ama karibu kujaa. Mteja akianza kuishiwa, kitu cha kwanza anashika ni ile limiti yake. Kwa hivyo EAD si kile anadaiwa leo, ni kile atakuwa anadaiwa siku ile ataanguka. Leo yuko 400,000, limiti iliyobaki ni 600,000, chukua 70% yake upate 420,000, jumlisha:

```
EAD = 400,000 + 0.70 x 600,000 = 820,000
ECL = 0.05 x 0.65 x 820,000 = 26,650
```

Kutoka 13,000 hadi 26,650, imezidi mara mbili na hatujagusa PD wala LGD.

Sasa ya Njoro ndio umeharibu zaidi. LGD sufuri mzee? Umetumia bei ya soko. Benki haiuzi shamba kwa bei ya soko, inauza kwa mnada, na kila mtu amekaa hapo anajua ni ya mnada. Anza na 1,125,000, toa 90,000, unabaki na 1,035,000. Tayari hiyo haitoshi kulipa deni.

KijanaWaEgerton: Asante sana mzee. Kwa hivyo hasara ni 1,200,000 kutoa 1,035,000 = 165,000, LGD ni 13.75%, na ECL ni 13,200. Bado hadwea ndio kubwa, si jibu langu liko sawa tu 😎

AfisaMikopoMstaafu: Pole pole. Hiyo 1,035,000 unaipata lini?

KijanaWaEgerton: Asaimenti haijasema.

AfisaMikopoMstaafu: Haijasema ndio maana inakupima. Soma sheria ya ardhi ya 2012 uone njia yenyewe. Mkulima akishindwa unampa notisi ya siku 90. Zikiisha bila kulipa unampa ya kuuza, siku 40. Halafu dalali naye anatoa yake ya siku 45. Hizo ni siku 175, karibu miezi 6, na hapo hata tarehe ya mnada haijafika. Na hiyo ni kama hakuna mtu amekimbia kotini.

Pesa ya miaka miwili ijayo si pesa ya leo. IFRS 9, ile kanuni ya uhasibu ya mikopo, inataka uirudishe leo kwa riba ya ule mkopo wenyewe, hapa 14%. Tuseme miaka miwili:

```
1,035,000 / 1.14^2 = 796,400
hasara = 1,200,000 - 796,400 = 403,600
LGD = 403,600 / 1,200,000 = 33.6%
ECL = 0.08 x 403,600 = 32,288
```

Sasa angalia. Njoro 32,288, Kisumu 26,650. Jibu lako limepinduka.

MkulimaChwele: Miaka miwili ni michache sana mzee. Ba'mdogo wangu huku Bungoma aliweka shamba la nyumbani kwa benki moja, akashindwa kulipa miwa ilipokosa soko. Siku ya mnada ikiwa imebandikwa hadi kwa mti wa barabarani, bibi yake akaenda kotini akasema yeye hakuwahi kuweka sahihi kukubali boma liwekwe sekyuriti. Mnada ukasimamishwa. Mara wakili hayupo, mara jaji amehamishwa, mwaka wa nne ukaisha wakiwa bado huko na sisi tulikuwa tunalima hilo shamba kama kawaida. Mwishowe walikaa chini na benki wakaelewana. Sasa hiyo benki iliweka miaka mingapi kwa hesabu yake sijui.

NyarKisumo: @MkulimaChwele asante, hiyo ndio inafanya LGD ya ardhi iwe mtihani. Nimejaribu haraka kwa eksel, PD ni ile ile 8%, nabadilisha miaka tu:

```
mwaka 1:  ECL = 23,368
miaka 2:  ECL = 32,288
miaka 4:  ECL = 46,976
```

Mwaka mmoja Njoro iko chini ya Kisumu, miaka miwili iko juu. Mpaka wenyewe unakaa kama miezi 16. Shamba likiuzika kabla ya hapo mkulima ndiye nafuu, likipita hapo mwenye hadwea ndiye nafuu. Mimi ningeandika hiyo miezi 16 kwa asaimenti wazi kabisa, lecha aone unajua jibu linasimama juu ya nini.

Hesabu_Ni_Maisha: Nyote mmesahau kitu. Loni ya Njoro kama ni ya miaka 3, PD lazima mzidishe mara 3. 8 x 3 = 24%. ECL inakuwa 96,864 na mjadala umeisha, Njoro mbaya.

AfisaMikopoMstaafu: Nusu umepata, nusu imekuponyoka. Muda wote wa mkopo unahesabiwa kama hatari imepanda sana tangu mkopo utolewe, na kuchelewa zaidi ya siku 30 kwa kawaida ni dalili ya hiyo. Huyu wa Njoro hakuna mahali tumeambiwa amechelewa, na swali limesema miezi 12, basi ni 8% pekee.

Hata angekuwa amechelewa, 24% si sahihi. Ili uanguke mwaka wa pili lazima uwe hukuanguka wa kwanza, kwa hivyo mwaka wa pili ni 0.92 x 8% = 7.36%, wa tatu 6.77%, jumla 22.1%. Na cha pili, ambacho ni kikubwa zaidi, deni linashuka. Akilipa vizuri, baada ya miezi 12 anadaiwa kama 854,000, baada ya 24 kama 457,000, na shamba ni lile lile. Mwaka wa tatu shamba linafunika deni lote hata baada ya kungoja miaka miwili, hasara inakuwa sufuri. Kwa hivyo huwezi chukua hasara ya mwaka wa kwanza ukaizidisha na tatu.

Hesabu_Ni_Maisha: Sawa nimeelewa ya deni kushuka. Lakini sifanyi kazi benki, PD ya 8% mliitoa wapi, mkulima akikosa mvua si ni 40%?

AfisaMikopoMstaafu: Imepewa kwa swali. Ila umegusa pahali pa uchungu. Mvua ikikosekana Njoro, hakosi mkulima mmoja. Wanakosa wengi mwaka huo huo, mashamba mengi yanakuja mnadani pamoja na wanunuzi nao hawana pesa, ile 1,125,000 ya valua inakuwa ndoto. Ukizidisha PD na LGD za mwaka wa kawaida huoni hiyo, kwa sababu zote mbili zinapanda kwa wakati mmoja. Benki hufanya hali kadhaa, nzuri, ya kawaida na mbaya, kila moja na PD na LGD yake, ndio zinachanganywa kwa uzito. Wewe kijana taja tu, usianze kuhesabu, data huna.

DukaKondele: Na mimi mwenye stoki? Simenti nikifunga duka inaganda kwa gunia miezi mitatu haifiki. Hiyo 65% ni ndogo.

NyarKisumo: 😂 mabati na nondo bado zinauzika lakini. Ila kweli, benki ikichelewa kufika stoki huwa imeshaondoka usiku. Tena kuna kitu ovadrafti iko nacho ambacho shamba halina, benki inaweza kukata limiti ikiona mzunguko wa pesa kwa akaunti umeshuka. Limiti ikikatwa ikawa 600,000 mapema, EAD inashuka hadi 540,000 na ECL inakuwa 17,550. Hiyo inategemea kama afisa anaangalia akaunti kila mwezi ama anangoja simu.

AfisaMikopoMstaafu: Na sisi mara nyingi tulingoja simu, nikubali tu. Unakata limiti ya mtu leo, kesho ameshindwa kulipa saplaya, unakuwa wewe ndiye umemwangusha.

KijanaWaEgerton: Sasa nimeandika hivi: Njoro 32,288 nikichukua miaka 2, Kisumu 26,650, mpaka ni miezi 16. Lakini nikigawa kwa EAD, Njoro ni 2.7% na Kisumu ni 3.25%, kwa hivyo kwa kila shilingi hadwea bado ndiyo mbaya zaidi. Niandike ipi kama jibu?

NyarKisumo: Swali lilisema "kupoteza pesa nyingi", ni shilingi, andika Njoro. Ile ya asilimia iweke chini kama unaongelea riba wangetozwa.

AfisaMikopoMstaafu: Mimi ningeanza na asilimia, maana bei ya mkopo inapangwa kwa hiyo. Lakini kwa swali lilivyoandikwa, dada yuko sawa.

MkulimaChwele: Na miaka miwili umeitoa wapi, utamwambia lecha nini akikuuliza?

KijanaWaEgerton: Siku 175 za notisi, miezi kadhaa ya mnada usiofaulu mara ya kwanza, na nimeweka miaka 4 kama hali mbaya. Nikasema kuna mtu Bungoma alilima shamba lililobandikwa mnada 😅

MkulimaChwele: Usitaje mtaa lakini.