Mrejesho: gharama halisi ya hisa kutoka hati za dalali

Niliuliza: "Nina hati za manunuzi za PDF kutoka kwa dalali wangu. Nitatoaje bei, kamisheni na tozo bila kuandika kwa mkono, nijue kila hisa imenigharimu kiasi gani?"

Wakuu, asanteni sana. Nilianza na ushauri wa kugeuza hati kuwa maandishi huku safu zikibaki mahali pake:

```
pdftotext -layout hati.pdf hati.txt
```

Bila `-layout`, tarakimu za kamisheni zilikuwa zinaangukia mstari wa tozo.

Kilichoniokoa zaidi ni yule ndugu aliyesema nilinganishe jumla yangu na jumla iliyoandikwa chini ya hati. Oda moja ya hisa 400 ilijazwa kwa awamu mbili: 300 kwa 25.00 na 100 kwa 25.20. Skripti yangu ilisoma awamu ya kwanza tu, ikapata 7,500, na ulinganisho ukaonyesha pengo mara moja. Sasa inajumlisha zote: 10,020, kamisheni 150.30, tozo 14.03, jumla 10,184.33. Gawa kwa 400 unapata 25.46 kwa hisa. Kwenye daftari natunza ile jumla, kwa sababu 25.46 imeshakatwa desimali.

Hati za zamani zilizoskaniwa zimenishinda. Ni picha, kwa hiyo amri hiyo inatoa faili tupu, na programu ya kusoma picha ilinigeuzia 3 kuwa 8. Hizo nimeziandika kwa mkono, kisha nikazipitisha kwenye ulinganisho uleule.